Bosti au draivu? Tazama kwanza mpinzani kasimama wapi

Kwa miezi kama minne nilikuwa nafungwa skwoshi kila Jumamosi na mzee aliyelingana umri na baba yangu. Hakuwa na mbio. Alikuwa anasimama katikati ya uwanja, mimi nahangaika kwenye kona ya nyuma, nageuza mwili, napiga mpira ukutani pembeni ili ukaangukie kona ya mbele ya upande wa pili, halafu naona fahari. Yeye anapiga hatua mbili mbele, anaugusa mpira polepole ukutani, unafia hapohapo. Mimi bado niko nyuma. Siku moja akaniuliza tukiwa tunakunywa maji, "Mwanangu, mbona kila ukibanwa unaniletea mpira mpaka mlangoni?"

Swali lile ndilo limenifanya nilinganishe vizuri mapigo haya mawili, maana wengi tulioanza skwoshi ukubwani tunayachagua kwa mazoea tu.

Tuelewane maneno kwanza. Draivu ni pigo la kwenda ukuta wa mbele moja kwa moja na kurudi hadi nyuma ya uwanja. Inaweza kwenda sambamba na ukuta wa pembeni, au ikakata uwanja kwenda kona ya upande wa pili, na hiyo tunaiita krosi kama ile ya mpira wa miguu. Bosti inaanzia ukuta wa pembeni ulio karibu nawe, kisha inaenda ukuta wa mbele, na ikiwa nzuri inamalizikia kwenye ukuta wa pembeni wa upande wa pili, chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Katika yote mawili kuta za pembeni zina kazi. Tofauti ni kwamba bosti inaugonga ukuta ule kabla ya kufika mbele, na krosi inaugonga ikiwa imeshatoka mbele.

Vipimo vichache vya kukaa navyo kichwani

Uwanja wa skwoshi una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.40. Mstari unaokata uwanja uko mita 5.44 kutoka ukuta wa mbele, na unapokutana na mstari wa katikati ndipo inapopatikana ile T tunayoigombania. Bati la chini ya ukuta wa mbele, ambalo mpira ukiligonga umepoteza pointi, lina kimo cha sentimita 48. Wachezaji wa kulipwa wanalishusha hadi sentimita 43, na ukitazama video zao ukashangaa bosti zao zinavyofia chini, kumbuka hizo sentimita 5. Pigo linaloua kwao, kwako linagonga bati.

Sasa simama kwenye T, hatua moja nyuma yake kama wanavyosimama wazoefu. Ukitaka kufika kona ya nyuma una kama mita 4. Ukitaka kufika pale bosti nzuri inapoangukia mbele una kama mita 5. Si tofauti kubwa. Lakini chukua mtu aliye kona ya nyuma kulia, umwambie aende kona ya mbele kushoto. Huyo ana zaidi ya mita 8, akikata uwanja kwa mshazari, na tena lazima akupite wewe uliyesimama katikati.

Hapo ndipo hesabu yote ya kuchagua ilipo. Bosti haimuumizi mtu aliye kwenye T. Inamuumiza aliye nyuma yako. Draivu ndefu nayo haimsumbui sana aliye nyuma tayari. Inamsumbua aliye kwenye T, na inammaliza aliye mbele. Mimi kwa miezi minne nilikuwa nampelekea bosti mtu aliye kwenye T. Alikuwa na mita zake 5 za kutembea huku mpira ukija taratibu, na akishaudondosha mbele kushoto, mimi niliye kona ya nyuma kulia nina mita 9 za kukimbia. Nilikuwa najivuta mwenyewe nikidhani namvuta yeye.

Ukiwa nyuma, mpinzani kashika T

Hali hii ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote, na jibu lake karibu siku zote ni draivu ya kuambaa ukuta. Mpira unatoka ulipo, unaenda mbele, unarudi. Safari nzima ni kama mita 17. Muda huo unakutosha kurudi T kwa hatua tatu nne, kwa sababu mpinzani naye analazimika kuiacha T ili aufuate mpira kona ya nyuma. Mnabadilishana nafasi bila wewe kufanya ujanja wowote.

Ila draivu hiyo iwe na sifa mbili. Ya kwanza ni urefu: ipige ukuta wa mbele juu ya mstari wa sevu, ule wa mita 1.78, ili mpira udunde mara ya kwanza nyuma ya kisanduku cha sevu na mdundo wa pili uwe karibu na ukuta wa nyuma. Ikiwa ndefu mno, mpira utagota ukuta wa nyuma na kurudi katikati, na utakuwa umemwandalia mwenzako meza. Sifa ya pili ni ukaribu na ukuta. Mpira ulio sentimita 10 kutoka ukutani hauna nafasi ya raketi kuingia nyuma yake. Ulio mita moja kutoka ukutani unapigwa voli, yaani kabla haujadunda, hata na mtu mvivu.

Mwenye shaka juu ya nguvu ya draivu tupu atazame habari za Jahangir Khan wa Pakistani. Mwaka 1983 huko Chichester, Uingereza, alicheza na Gamal Awad wa Misri kwa takribani saa 2 na dakika 45. Awad alichukua seti ya kwanza. Khan aliendelea na mchezo wake uleule wa mipira mirefu ya kumbana mtu kona za nyuma, akachukua tatu zilizofuata. Sisemi uige saa zile. Nasema tu kwamba mchezo wa kuchosha ni mchezo halali.

Bosti kutoka kona ya nyuma ina sababu moja tu ya haki: mpira umeshakupita. Jipime hivi. Je, raketi yako inaweza kufika nyuma ya mpira, yaani kati ya mpira na ukuta wa nyuma? Ikiwezekana, piga draivu, hata kama itakuwa mbovu kidogo. Isipowezekana, huna namna nyingine ya kuufikisha mbele ila kupitia ukuta wa pembeni. Hiyo ni bosti ya kujiokoa. Ipige juu kidogo na taratibu, ukubali kwamba unanunua muda, kisha kimbia kuelekea T bila kusimama kuitazama. Wengi tunaboronga hapo: tukishaupata mpira mgumu tunasimama kuushangilia, na mwenzetu keshaudondosha.

Bosti inavyopigwa, na sentimita 80 zinazoiharibu

Makocha wana njia nzuri ya kuelekeza: jifanye ukuta wa pembeni ni wa kioo na nyuma yake kuna uwanja mwingine kama wenu, halafu lenga kona ya mbele ya uwanja ule, iliyo mbali nawe. Ukuta utaugeuza mpira kama kioo kinavyogeuza sura.

Tuifanyie hesabu. Uko nyuma kulia, mpira uko nusu mita kutoka ukuta wa kulia na mita 8.5 kutoka ukuta wa mbele. Unataka uguse ukuta wa mbele sentimita 80 hivi kutoka kona ya kushoto. Ukichora mstari, unakuta mpira unapaswa kugonga ukuta wa kulia sentimita 70 tu mbele ya ulipoupigia. Sentimita 70! Ni karibu kuliko macho yanavyokutuma. Ukifika mbele utaendelea kushoto na kugusa ukuta wa kushoto kiasi cha mita moja kutoka kona, ukiwa umebakiwa na nguvu ndogo, na ukiangukia kwenye mkunjo wa ukuta na sakafu hauinuki.

Sasa fanya kosa la kila mtu, yaani kugonga ukuta wa kulia mita 1.5 mbele yako badala ya sentimita 70. Pembe imelala. Mpira unafika ukuta wa mbele upande wako wa kulia bado, kiasi cha mita 2.3 kutoka ukuta wa kulia, kisha unarudi nyuma ukielekea katikati ya uwanja. Mpinzani hana haja ya kutembea. Sentimita 80 za kosa kwenye ukuta wa pembeni zimegeuza pigo la kuua kuwa zawadi.

Kosa la upande mwingine ni kuugonga ukuta karibu mno, sentimita 40 hivi. Hapo mpira unakata uwanja kwa ukali na kufikia ukuta wa kushoto kabla haujagusa wa mbele. Ukifika mbele baada ya hapo bado ni halali, lakini mara nyingi unakuwa umechoka, unaanguka sakafuni au unalia kwenye bati.

Hesabu hizi ni za mwanga na kioo. Mpira wa skwoshi ni laini na kila ukuta unaunyang'anya mwendo, hasa ule wa kuuacha ukuta, kwa hiyo kwa kawaida hutoka umelalia ukuta zaidi kidogo kuliko kioo kinavyosema. Ndiyo maana ukikosea, kosea kwa kugonga nyuma zaidi, si mbele zaidi. Na usiubanie nguvu. Bosti dhaifu huishia kwenye bati hata ikilengwa sawasawa.

Pointi moja, polepole

Niielezee pointi niliyoicheza na mzee yuleyule baadaye kidogo, maana ndiyo iliyonifundisha mapigo haya yanavyoshikana mikono.

Nilianza na draivu ya kuambaa ukuta wa kulia. Ilikuwa nzuri, akalazimika kuingia kona ya nyuma kulia. Aliurudisha, lakini mpira ukatoka ukutani, ukaja kudunda kwenye usawa wa T, kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa kulia. Mimi niko kwenye T, mpira uko mkononi mwangu, yeye yuko nyuma ya bega langu la kulia, ndani kabisa kwenye kona.

Nilikuwa na chaguo tatu. Draivu ya kuambaa ukuta uleule: inamrudia pale alipo, anageuka tu. Krosi kwenda nyuma kushoto: ana mita 5 za kukimbia kwa upande, na mpira utakuwa mrefu, kwa hiyo ana muda. Bosti: mita zile 8 za mshazari, na mpira unafia mbele. Nikapiga bosti. Kutoka usawa ule ukuta haugongwi sentimita 70 mbele bali kama mita moja na sentimita 15, kwa sababu mpira uko mbali zaidi na ukuta wa pembeni.

Hakuwa mzembe, akaja. Aliufikia kwa ncha ya raketi na kuuinua tu ukaja katikati upande wa kushoto. Sasa yeye ndiye aliye mbele kushoto, amejipinda, mguu mmoja umetanguliwa na mwingine. Hapa mtu mwenye tamaa angedondosha mpira mbele. Mimi nilipiga draivu ya kawaida kabisa kuambaa ukuta wa kushoto hadi nyuma. Mzee aliutazama ukipita, akacheka, akasema, "Haya, sasa umeelewa."

Angalia kilichofanya kazi. Pointi haikumalizwa na bosti. Bosti ilimtoa nyuma ikamleta mbele, na draivu ikaenda pale alipotoka. Nisingekuwa na draivu nzuri ya kwanza, asingekuwa kwenye ile kona, na bosti ingekuwa makosa yaleyale ya zamani.

Kulikuwa na jambo dogo la kujificha pia. Draivu na bosti zinaandaliwa sawa: raketi juu, bega limegeukia ukuta. Draivu unaugonga mpira ukiwa usawa wa mguu wa mbele. Bosti unauachia uje nyuma kidogo, usawa wa kitovu, ukiugonga huku uso wa raketi ukitazama ukuta. Ule usubiri wa kitambo kidogo ndio unaomgandisha mpinzani. Lakini ukigeuza bega mapema ukaelekea kona ya nyuma, mtu mzoefu amekusoma na ameshaanza kutembea mbele kabla hujapiga.

Krosi: draivu inayoutumia ukuta

Hili pigo ndilo linalopigwa vibaya kuliko yote, na watu wanalilaumu bure. Wanalenga katikati ya ukuta wa mbele. Tuseme uko nyuma kulia, mita 0.9 kutoka ukuta wa kulia na mita 7.5 kutoka mbele. Ukilenga katikati kabisa, mpira ukirudi unampita mtu wa T ukiwa mita 1.8 hivi kutoka kwake, kifuani. Hatua moja na raketi, voli, umekwisha.

Sogeza shabaha nusu mita tu kushoto ya katikati. Sasa mpira unampita ukiwa mita 2.7 kutoka alipo, karibu na ukuta wa kushoto, kisha unaugonga ukuta huo kwenye usawa wa ukingo wa nyuma wa kisanduku cha sevu, unapoteza mwendo na kuangukia ndani ya kona. Ukuta umefanya mambo mawili: umemzuia asiupige voli, na umeufupisha mpira usigote ukuta wa nyuma na kurudi. Ukisikia krosi yako imegonga ukuta wa pembeni mbele ya kisanduku, umeipanua mno, itarudi katikati. Ukiona haikugonga ukuta kabisa ikafika ukuta wa nyuma kwanza, umeibana mno. Masikio yanatosha kukuambia.

Kati ya bosti na krosi, wakati wote mawili yanawezekana, mimi naangalia miguu ya mpinzani. Akiwa nyuma na uzito wake umelala visiginoni, bosti. Akiwa kwenye T anaegemea mbele akisubiri bosti, krosi ya juu inayompita kichwani.

Joto, baridi na mpira wenyewe

Mpira wa nukta mbili za njano, unaotumika mashindanoni, unadunda vibaya ukiwa baridi na unachangamka ukishapata moto. Hapa Dar es Salaam mwezi wa Januari, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, baada ya dakika kumi unaruka kama wa watoto. Bosti iliyokuwa ikifia mbele inainuka hadi magotini na mzee wa miaka 60 anaifikia. Siku hizo napunguza bosti, na draivu nazishusha kidogo kwenye ukuta wa mbele ili zisigote nyuma. Nairobi asubuhi ya Julai ni kinyume: mpira baridi haurudi kutoka ukuta wa nyuma, kona inakuwa kaburi, na bosti hata isiyo kamili inaleta pointi. Ingawa mpira ukishapata moto kule juu, hewa nyepesi inaupeleka mbali kuliko ulivyozoea pwani, na draivu zako za Dar zote zitakuwa ndefu mno.

Lile zoezi

Karibu kila klabu ina zoezi la bosti na draivu: mmoja nyuma anapiga bosti, mwingine mbele anapiga draivu ya kuambaa ukuta, wa nyuma anahamia upande wa pili, bosti tena. Ni zuri kwa miguu na kwa shabaha. Ila nadhani ndilo lililoniharibu, kwa sababu linakuzoesha kupiga bosti kutoka kona ya nyuma kwa mtu ambaye yuko mbele anakusubiri, mara mia kwa jioni moja, bila adhabu.

Siku hizi tunalicheza kwa sharti moja. Wa mbele anaruhusiwa kudondosha mpira kila bosti inapotoka ukutani zaidi ya urefu wa raketi, na wa nyuma anaruhusiwa kupiga draivu badala ya bosti wakati wowote raketi inapofika nyuma ya mpira. Tukianza, ndani ya dakika tano yule wa nyuma anakuwa amebaki na bosti mbili tatu tu, zile ambazo kweli hakuwa na njia nyingine.